Vocha ya vifaa viwili, simu ya tatu nje: ruta inahesabu nini hasa

Jumamosi moja jioni nilipigiwa simu na mwanafunzi anayeishi kwenye hosteli ya wasichana hapa Morogoro, mojawapo ya nyumba nilizozifungia ruta. Alianza kwa upole: "Kaka, samahani, vocha yako imeharibika." Yeye na wenzake wawili wa chumbani walikuwa wamechanga 500 kila mmoja wakanunua vocha moja ya shilingi 1,500 ya saa 24. Simu mbili zikaingia. Ya tatu ilikuwa na alama ya Wi-Fi imejaa kabisa, lakini kila akiandika namba ya vocha ukurasa unamjibu kwa Kiingereza:

```
no more sessions are allowed for user k7m4p
```

Walikuwa wameshajaribu mambo. Mmoja alizima kioo cha simu yake ili "ampishe" mwenzake, ikakataa. Mwingine alizima Wi-Fi kabisa, wa tatu akajaribu papo hapo, ikakataa tena. Baada ya muda ikakubali yenyewe, lakini yule aliyekuwa amezima alipowasha akajikuta yeye ndiye aliye nje. Ndipo wakaamua kwamba vocha ni mbovu.

Vocha ilikuwa nzima, na pembeni ya karatasi iliandikwa "vifaa 2". Lakini siwezi kuwalaumu kwa kuchanganyikiwa, kwa sababu neno "kifaa" kwenye karatasi ile halina maana ileile kichwani mwa mteja na ndani ya ruta. Mteja anawaza simu iliyo mkononi, inayotumika sasa hivi. Ruta inawaza kitu kingine, na ukishakijua hicho, kila kilichowapata wasichana wale kinaeleweka.

Tuanze na alama ya Wi-Fi iliyojaa, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Simu ikijiunga na Wi-Fi ya vocha hupita milango mitatu. Wa kwanza ni wa redio: simu na antena zinasikilizana, na alama inajaa. Wa pili ni wa anwani: ruta inaipa simu namba ya kutambulika ndani ya mtandao ule, kwa mfano `10.5.50.23`. Wa tatu ni wa ruhusa: ruta inaamua kama hiyo namba ipitishwe kwenda intaneti au ifungiwe ndani. Vocha inashughulika na mlango wa tatu tu. Simu ya ziada hupita miwili ya kwanza bila shida, ndiyo maana inaonyesha nguvu zote na kuandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Kusogea karibu na ruta hakusaidii, na kuwasha simu upya hakusaidii, kwa sababu tatizo haliko kwenye mawimbi.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Ruta niliyofunga pale ni ya MikroTik, ambayo utaikuta kwenye Wi-Fi nyingi za mitaani, hosteli na gesti. Ndani yake kila aina ya vocha ina wasifu wake, na kwenye wasifu kuna mstari unaoitwa `shared-users`. Usipougusa unabaki 1. Kwa vocha ya wale wasichana ulikuwa 2. Mstari huo hauhesabu watu, wala hauhesabu simu zilizowahi kutumia vocha. Unahesabu vikao vilivyo wazi kwa wakati mmoja. Kikao kinafunguka pale ruta inapoikubali namba ya vocha kutoka kwenye kifaa fulani, na kinaendelea mpaka mteja ajitoe mwenyewe, muda wa vocha uishe, au ruta iridhike kwamba kile kifaa hakipo tena.

Hilo la mwisho ndilo lenye mambo. Ruta haina macho ya kuona kwamba umezima kioo. Simu iliyozimwa kioo bado imeshika Wi-Fi, bado inapokea jumbe chini kwa chini, na ruta ikiiuliza "upo?" inajibu "nipo". Kwa hiyo kikao kinaendelea na nafasi imekaliwa. Simu ikiwa mfukoni usiku kucha, mwenyewe amelala, ni mteja kamili kwa ruta. Hivyo ndivyo jaribio lao la kwanza lilivyoshindwa.

La pili lilikuwa zuri zaidi, walikosea dakika tu. Ukizima Wi-Fi, simu haiagi. Inanyamaza tu. Ruta inaendelea kuiita, na ikikosa jibu kwa muda uliowekwa ndipo inafunga kikao. Muda huo unaitwa `keepalive-timeout`, na MikroTik inapotoka kiwandani ni dakika 2. Nilipofungua kumbukumbu za ruta nilikuta mfuatano wote umeandikwa. Saa 1:10 jioni simu ya pili ilikata mawasiliano. Ndani ya dakika ileile simu ya tatu ilijaribu mara tatu, zote zikakataliwa, kwa sababu kwa ruta simu ya pili ilikuwa bado imo. Saa 1:12 kikao kikafungwa. Saa 1:14 simu ya tatu ikajaribu tena na kuingia. Hapakuwa na muujiza wala ubovu, bali dakika mbili za kusubiri ambazo hakuna aliyewaambia.

Halafu ikaja sehemu iliyowagombanisha. Mwenye simu ya pili alipowasha Wi-Fi alitarajia arudi mahali pake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia mwanzo. Ruta haiweki viti vya majina. Nafasi mbili zilikuwa zimekaliwa na simu ya kwanza na ya tatu, basi akaletewa ukurasa wa kuandika vocha na akiandika anakataliwa. Saa moja baadaye simu ya kwanza ikatoka na mwenyewe kwenda kununua chipsi barabarani. Dakika mbili baada ya kutoka kwenye eneo la antena, nafasi yake ikafunguka. Simu ya pili ilipojiunga tena ikaingia bila hata kuandika chochote, kwa sababu ruta huweka kumbukumbu ya kifaa ambacho kiliwahi kuingia na vocha fulani na kukiingiza chenyewe kikirudi. Kumbukumbu hiyo ni msaada mkubwa kwa mteja wa kawaida, asiandike namba kila akitoka chooni. Ila kwa watu watatu wenye nafasi mbili inageuka mashindano: anayerudi kwanza anakalia, na aliyerudi na chipsi anakuta mlango umefungwa. Ukisikia mtu anasema Wi-Fi ya vocha "inaruka ruka", inamtoa huyu na kumwingiza yule, mara nyingi ni hiki.

Kuna mwenye nyumba mmoja aliyeona wateja wanalalamika kuandika namba upya, akaongeza ule muda wa kusubiri kutoka dakika 2 hadi saa kadhaa. Malalamiko ya kuandika namba yalipungua, yakaja mengine mabaya zaidi. Mteja anaondoka asubuhi na simu yake kwenda kazini, na nafasi yake inabaki imekaliwa mpaka mchana ingawa simu iko kilomita kumi kutoka pale. Mwenzake aliyebaki nyumbani anakataliwa na simu ambayo haipo. Kama kwenye Wi-Fi unayotumia mmoja wenu akiondoka kabisa na baada ya dakika tano bado nafasi haijafunguka, shuku jambo hili na umwambie mwenye Wi-Fi aangalie mstari huo.

Mteja mwenyewe anaweza kuiachia nafasi bila kusubiri. Kwenye simu inayotaka kutoka, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta ikifuatiwa na neno `status`, kwa mfano:

```
http://10.5.50.1/status
```

Anwani ya ruta yako utaiona kwenye maelezo ya Wi-Fi ndani ya simu, mahali palipoandikwa `Gateway` au `Router`. Ukurasa utaonyesha muda uliotumia na kitufe cha kujitoa, `log off`. Ukikibonyeza kikao kinafungwa hapo hapo. Kisha zima Wi-Fi ya simu hiyo, au zima ile sehemu ya kujiunga yenyewe, isije ikarudi na kukalia tena kabla mwenzako hajamaliza kuandika namba.

Watu huuliza kwa nini mwenye Wi-Fi asiruhusu tu vifaa vyote, kwani gharama ya intaneti si ileile. Hapa lazima nimtetee. Ruta inapofungua kikao, inakitengenezea foleni yake ya kasi. Vocha yenye kasi ya megabiti 2 inampa kila anayeingia megabiti 2 zake. Haigawi 2 hizo kwa wote waliomo kwenye vocha. Tuseme hosteli ina laini ya megabiti 40 na imeuza vocha 20. Kila vocha ikiwa na kifaa kimoja, hata wote wakitumia kwa pamoja hesabu inatosha: 40. Kila vocha ikiwa na vifaa viwili, tayari ameahidi 80 akiwa na 40, na anategemea kwamba si wote watatumia kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa kawaida ni kweli. Akiacha bila ukomo, vocha moja itazunguka chumba hadi chumba, na saa tatu usiku video ya kila mtu inagota, hata ya yule aliyenunua vocha yake peke yake kwa uaminifu. Huyo wa mwisho ndiye ninayemfikiria ninapoweka ukomo.

Lakini ukomo unaweza pia kumwonea mteja wa haki, na hapo ndipo inabidi tuongelee anwani ya MAC. Kila kifaa kinapojiunga na Wi-Fi hujitambulisha kwa namba ya tarakimu na herufi 12, kama `3C:5A:B4:10:22:7F`. Zamani namba hiyo ilitoka kiwandani na haikubadilika, kwa hiyo ruta iliichukulia kama kitambulisho cha simu. Tangu Android 10 mwaka 2019 na iOS 14 mwaka 2020, simu kwa kawaida hazitoi namba ya kiwandani. Zinatunga ya bandia kwa kila jina la Wi-Fi, ili mtu asifuatiliwe anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni kinga nzuri na siishauri iondolewe ovyo. Ila matokeo yake ni kwamba simu moja inakuwa na sura tofauti kwa kila jina la Wi-Fi.

Hosteli ile ina majina mawili, la ghorofa ya chini na la ghorofa ya juu, yote yakiingia kwenye ruta moja. Msichana akipanda ngazi simu yake inahama kutoka jina moja kwenda jingine, na inafika juu na anwani mpya. Kwa ruta huyu ni mgeni; kumbukumbu ya kumwingiza moja kwa moja haimtambui, anaombwa namba ya vocha. Anaiandika, na kama nafasi ya pili imekaliwa na mwenzake, anakataliwa, kwa kuwa sura yake ya ghorofa ya chini bado inahesabiwa mpaka dakika mbili zipite. Amezuiwa na kivuli chake mwenyewe. Dawa yake ni kwa fundi: antena zote za jengo zibebe jina moja, na simu itabaki na anwani ileile juu na chini. Nilibadilisha pale hosteli, kazi ya dakika kumi, na nilipaswa kuifanya tangu siku ya kwanza.

Namba ya bandia unaweza kuitambua kwa macho. Angalia herufi au tarakimu ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi imetungwa na simu. Ya mfano wa hapo juu, `3C`, ni ya kiwandani. `DA:31:…` ni ya kutungwa.

Hadi sasa nimezungumzia mifumo inayohesabu vikao, ambapo anayetoka anaacha nafasi. Kuna mifumo mingine inayohesabu usajili. Kwenye vocha za UniFi, kwa mfano, vocha ya matumizi mawili inatumika mara mbili basi. Kila kifaa kipya kikiandika namba, tumizi moja limeondoka na kifaa hicho kimeruhusiwa mpaka muda wa vocha uishe. Kuzima Wi-Fi hakurudishi kitu, hata ukisubiri saa tano. Na humu ndani anwani za bandia zinauma zaidi. Mtu anaona intaneti nzito, anaamua "kusahau" mtandao kwenye simu yake na kujiunga upya. Simu nyingine zikifanya hivyo hutunga anwani mpya. Mfumo unaona kifaa kipya, anaandika vocha, tumizi la pili linaondoka. Sasa mke wake akija na simu yake anaambiwa vocha imekwisha matumizi, wakati kwenye nyumba ile kuna simu moja tu iliyowahi kuingia. Kwa hiyo kwenye Wi-Fi ya vocha usibonyeze "sahau mtandao" ovyo kabla vocha haijaisha.

Ukitaka kujua uko kwenye mfumo upi huna haja ya kumuuliza mtu. Kitoe kifaa kimoja kwa njia niliyoeleza au kizime Wi-Fi, subiri dakika tano kamili, kisha jaribu cha tatu. Kikiingia, hesabu ni ya vikao, na mnaweza kupokezana. Kikikataliwa, ama mfumo unahesabu usajili, ama mwenye Wi-Fi ameongeza muda wa kusubiri, na mwenye kuwasaidia ni yeye tu. Kabla ya hapo hakikisha unasoma neno linaloandikwa. Ukiona `invalid username or password`, shida si idadi ya vifaa. Ama umekosea herufi, sifuri na O ndizo zinazoongoza, ama vocha imeshafutwa. Ukiona `user k7m4p is not allowed to log in from this MAC address`, vocha imefungwa kwa kifaa kimoja maalumu. Na kama ukurasa hautokei kabisa, andika kwenye kivinjari anwani yenye `http://` bila s, kama `http://neverssl.com`, kwa kuwa ruta haiwezi kuugeuza ukurasa wa `https` uende kwenye ukurasa wake wa vocha.

Wengine huingiza simu moja kwa vocha kisha wakawashia wenzao hotspoti. Simu kadhaa za Android zinaweza kupokea Wi-Fi na kuisambaza kwa wakati huohuo, nyingine zinaisambaza kwa Bluetooth au waya tu, na iPhone husambaza data ya laini yake tu, si Wi-Fi iliyopokea. Ikiwezekana, ruta inaona kifaa kimoja, na wote wanagawana ile kasi ya kikao kimoja. Lakini wapo wenye Wi-Fi wanaoziba. Kila pakiti ya data hubeba namba ya hatua ilizobakiwa nazo, na kila kifaa kinachoipitisha hupunguza moja. Mwenye ruta akiiweka 1, pakiti inafika kwenye simu ya kwanza salama, ila simu hiyo ikitaka kuipitisha mbele namba inakuwa sifuri na pakiti inatupwa. Dalili yake ni simu ya pili kuunganishwa na hotspoti vizuri, bila ukurasa wowote kufunguka, huku ya kwanza ikiendelea kama kawaida. Ukiona hivyo ujue umekatazwa kwa makusudi.

Kwa wenzangu mnaouza vocha, mteja akipiga simu kama alivyonipigia yule binti, msimwambie anunue nyingine kabla hamjaangalia nani amekalia nafasi:

```
/ip hotspot active print where user=k7m4p
```

Itaonekana kila anwani iliyo ndani na muda iliokaa. Msomee mteja: "Kuna vifaa viwili, kimoja kimeingia saa sita zilizopita, kingine dakika arobaini." Mara nyingi atakumbuka mwenyewe, labda laptopu aliyoiacha wazi au simu ya mgeni wa jana. Akisema kipi kitoke, mtoe:

```
/ip hotspot active remove [find user=k7m4p address=10.5.50.23]
```

Nilipoangalia Jumamosi ile, nilikuta kwamba simu ya kwanza ndiyo iliyobaki nje, na nafasi mbili zimekaliwa na simu ya pili na ya tatu. Niliwaeleza habari ya dakika mbili na ukurasa wa `status`. Wakaniuliza swali ambalo lilinifanya nikae chini usiku ule: chumba kina vitanda vitatu, kwa nini vocha ya chumba iwe ya vifaa viwili? Hesabu ya megabiti niliyoionyesha hapo juu haikuwa na jibu kwa hilo. Nikatengeneza wasifu wa tatu, `shared-users=3`, kasi ya kila kikao nikaishusha kidogo ili jumla isivuke ile ya vocha ya vifaa viwili, na bei ikabaki 1,500. Kwenye karatasi sasa pameandikwa "vifaa 3 kwa wakati mmoja, ukizima Wi-Fi subiri dakika 2".